Mchanga Ulipogeuka Mweusi

Maji ya kisima kile yalikuwa yakitoka meupe pe. Ukiyakinga kwenye glasi kutoka mdomoni mwa bomba huoni kitu, ila ukiyaonja unapata ladha kama ya msumari uliowekwa mdomoni. Iache glasi hiyo mezani, urudi baada ya saa moja: maji yameingia unjano. Rudi jioni: chini kumetua vumbi la rangi ya kutu, na juu yake maji yana ukungu. Kesho yake kuna duara la kahawia limeng'ang'ania kwenye glasi, na sabuni hailitoi.

Waliokuwa wakiyatumia walikwisha amini kwamba kuna mtu au kitu kinachafua kisima. Haikuwa hivyo. Maji ya mvua yanapopenya udongoni, vijidudu vinavyoozesha mabaki ya mimea humaliza oksijeni iliyomo. Maji hayo yasiyo na oksijeni hukaa miaka mingi kati ya mawe na mchanga wenye madini, na katika hali hiyo chuma na manganisi huyeyuka. Kilichoyeyuka hakionekani, kama chumvi ndani ya maji. Siku maji yanapotolewa juu na kukutana na hewa, chuma hugeuka tena kuwa kutu, na hapo ndipo jicho linapokiona.

Mimi ni fundi wa mitambo midogo ya maji, na niliitwa pale kujenga mtambo wa kuondoa hiyo kutu. Nilidhani kazi yangu ni chuma. Kumbe chuma kilikuwa nusu nyepesi ya kazi, na kilichonifundisha ni manganisi.

Kabla ya kujenga chochote nilipewa karatasi ya vipimo vya maabara. Ilisema chuma ni miligramu 0.4 kwa lita. Nikaitazama karatasi, nikalitazama sinki lililogeuka kahawia kama chungu kilichotoka tanuruni, nikajua hesabu haikai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa kwenye nguo na vyombo, lakini madoa niliyoyaona pale hayakuwa ya 0.4. Nilipouliza, nikaambiwa maji yalichotwa kwenye chupa ya kawaida yakakaa siku mbili kabla ya kufika maabara. Siku mbili zinatosha kabisa kwa chuma kugeuka kutu na kujishikiza kwenye kuta za chupa, na aliyepima akamimina maji ya juu tu. Sampuli ya chuma na manganisi hutiwa asidi ya nitriki palepale kisimani, matone machache mpaka pH, kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali ikizidi, ifike chini ya 2, ili kila kilichoyeyuka kibaki kimeyeyuka mpaka kipimwe. Pasipo hilo, chupa inapima kile kilichoshindwa kushikamana nayo.

Nilipopima mwenyewe kisimani, chuma kilikuwa 6.2, manganisi 0.6, na pH 6.4.

Kulikuwa na swali moja la kumaliza kwanza. Kama bomba lililoshuka kisimani ni la chuma lililopakwa zinki, na maji yana tindikali, bomba lenyewe huliwa usiku maji yakiwa yametulia ndani yake. Asubuhi unavuta kutu ya bomba na kuilaumu miamba. Kuna visima vingi ambavyo dawa yake ni kung'oa mabomba hayo na kuweka ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu, basi. Namna ya kujua ni rahisi: pima ndoo ya kwanza ya asubuhi, kisha pampu maji mpaka yaliyolala kwenye bomba yawe yamebadilishwa mara kadhaa, upime tena. Sisi tulipata chuma 7.1 alfajiri na 6.2 baada ya saa nzima ya kupampu. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Na bomba haliwezi kukupa manganisi kiasi kile. Chuma kilikuwa kinatoka ardhini.

Mtambo ulionijia kichwani ni wa kawaida: maji yapate hewa, chuma kigeuke kutu, kutu itue, inayobaki ikamatwe na mchanga. Kisima kilikuwa kikitoa lita 1,500 kwa saa, kwa saa nane kila siku. Nikaweka bomba lenye matundu juu ya tangi, maji yakawa yanamwagika kama mvua kutoka kimo cha mita moja. Niliridhika nalo. Lilipendeza kulitazama, na maji yalikuwa yanapata oksijeni ya kutosha.

Hesabu yenyewe inaonyesha oksijeni inayotakiwa ni kidogo sana. Miligramu moja ya chuma hutumia miligramu 0.14 za oksijeni, na moja ya manganisi hutumia 0.29. Kwa maji yetu jumla yake ni kama miligramu moja kwa lita. Maji yaliyoshiba hewa, yakiwa na joto la nyuzi 25, hubeba zaidi ya nane. Hata mvua yangu fupi ilitosha mara kadhaa.

Na bado maji yaliyofika kwenye mchanga yalikuwa meupe. Hilo ndilo lililonishtua. Mwangalizi wa kisima, mzee mmoja aliyekuwa akiishi na pampu ile tangu ichimbiwe, ndiye aliyeniita nione. Alikuwa amechota maji kutoka tangi la kutuamisha, ambako yanakaa saa mbili, na ameyaweka kwenye chupa.

"Fundi, haya yametoka kwenye tangi lako sasa hivi," akasema. "Mbona hayajawa na kutu? Nikiyaacha mpaka usiku yanakuwa nayo."

"Mzee, hewa yameshapata."

"Hewa yamepata. Lakini hayajaitumia."

Alikuwa sahihi, na jibu lilikuwa kwenye kipimo nilichokuwa nimekiandika na kukisahau: pH 6.4. Kasi ya chuma kugeuka kutu hutegemea oksijeni, lakini hutegemea zaidi tindikali ya maji. Wanakemia Werner Stumm na G. Fred Lee walilionyesha hili mwaka 1961: pH ikipanda kwa kipimo kimoja, kasi huongezeka mara 100. Maji ambayo kwenye pH 7.2 yangegeuka kwa dakika chache, kwenye 6.4 yanahitaji saa kadhaa. Nilipopima chini ya ile mvua yangu, pH ilikuwa 6.6 tu. Oksijeni ilikuwemo imekaa bure, na chuma kinapita kimeyeyuka vilevile kilivyotoka ardhini.

Kinachoyafanya maji ya kisima yawe na tindikali mara nyingi ni hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Huko chini haina pa kwenda. Ukiyapa maji nafasi, inatoka, na ikitoka pH inapanda yenyewe bila kutia dawa yoyote. Kwa hiyo kazi kubwa ya kupigisha maji hewa, kwa kisima kama kile, ni kutoa. Oksijeni inaingia upesi kwa sababu inahitajika kidogo. Hewa ya ukaa inatoka polepole kwa sababu ni nyingi na inabidi karibu yote iondoke. Mvua ya mita moja inatosha kwa la kwanza, haitoshi kwa la pili.

Kuna kipimo cha dakika tano ambacho sasa nakifanya kabla ya kuchora mstari wowote. Jaza chupa nusu kwa maji yaliyotoka kisimani, pima pH, funga, tikisa kwa nguvu nusu dakika, fungua ubadilishe hewa ya ndani, rudia mara nane au kumi, kisha pima tena. pH unayoipata ndiyo takriban ya juu kabisa ambayo hewa peke yake inaweza kukupa. Maji yetu yalipanda kutoka 6.4 hadi 7.4. Maana yake njia ilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa sijaitumia.

Nikaivunja ile mvua, nikajenga mnara wa trei nne, kila moja ya sentimita 60 kwa 60, zimepishana sentimita 40, chini zimetobolewa matundu, ndani kokoto za ukubwa wa ngumi ya mtoto kimo cha sentimita kumi. Pande zote nikaziacha wazi kwa upepo, nikazungushia wavu wa kuzuia wadudu. Kokoto zinayavunja maji yawe utando mwembamba unaotambaa juu ya mawe, na kila trei inayapokea upya. Chini ya trei ya nne pH ikawa 7.2. Kwa hesabu ya Stumm na Lee, kutoka 6.6 kwenda 7.2 ni kama mara 16 ya kasi. Siku ya pili yake maji kwenye tangi la kutuamisha yalikuwa ya rangi ya tofali, na nilifurahi kuyaona yamechafuka hivyo.

Tangi la kutuamisha silizungumzii sana. Ni la lita 3,000, maji yanaingia upande mmoja kupitia ubao unaoyapunguza kasi na kutokea upande wa pili karibu na juu. Kutu hii mpya si kama mchanga. Ni mabonge mepesi yanayoelea kama pamba, na kwa saa mbili ni kama nusu tu inayotua. Tangi kubwa zaidi lingekamata zaidi, ila si kwa kiasi cha kunishawishi. Linachofanya ni kuzipa kemikali muda na kulipunguzia chujio mzigo. Mzigo wenyewe si mdogo: lita 12,000 kwa siku zenye miligramu 6 za chuma ni gramu 72 za chuma, ambazo zikishakuwa kutu yenye maji zinakaribia gramu 140 zikikaushwa. Zikiwa tope ni zaidi ya lita kumi kila siku. Kwa hiyo tundu la kutolea tope nililiweka chini kabisa, kwenye sakafu iliyoinama, na tope linaenda kwenye shimo la kukaushia. Halimwagwi bustanini, kwa kuwa kutu hii hushika pia sumu ya aseniki kama imo ndani ya maji, na huwezi kujua bila kupima.

Chujio lenyewe ni pipa la zege lenye kipenyo cha mita moja. Chini kuna kokoto ndogo, juu yake sentimita 80 za mchanga uliochekechwa, punje za kati ya milimita 0.8 na 1.2. Maji yanashuka kiasi cha mita mbili kwa saa. Mchanga mwembamba kuliko huo unaziba juu kabla ya kina kutumika, na mnene zaidi unapitisha.

Wiki ya kwanza chuma kilichotoka chini ya chujio kilikuwa 0.2. Wote wakashangilia. Manganisi ilikuwa 0.6 ikiingia, 0.6 ikitoka.

Watu wengi huishia hapo, na naelewa kwa nini. Maji ni meupe, ladha ya msumari imeondoka, sinki halipati madoa mapya. Lakini manganisi iliyoyeyuka haionekani wala haina ladha kali. Inaonekana baadaye, ikiwa imeingia kwenye mabomba, hasa ukitia klorini: polepole inageuka utando mweusi ndani ya bomba, na siku presha inapobadilika vipande vinang'oka na kutokea kwenye ndoo kama masizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, limeweka kikomo cha muda cha miligramu 0.08 kwa lita kwa ajili ya afya, likiwafikiria hasa watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji. Sisi tulikuwa na zaidi ya mara saba ya kiasi hicho.

Manganisi haiendi kama chuma. Kwenye pH 7.2 oksijeni peke yake haiifanyi kitu kwa muda wa kibinadamu. Ili hewa tupu iigeuze kwa kasi inayofaa lazima pH ipande kupita 9. Kinachoiwezesha kugeuka kwenye maji ya kawaida ni kukutana na manganisi iliyokwisha geuka. Oksidi ya manganisi, ile nyeusi, huivuta manganisi iliyoyeyuka ijishike juu yake, na hapo juu ya punje ndipo oksijeni inapoigeuza. Bakteria wanaoishi kwenye mchanga nao wana sehemu kubwa katika hilo, hasa mwanzoni. Mchanga mpya hauna oksidi hiyo wala bakteria hao. Inabidi usubiriwe, na unajijenga wenyewe kwa kupitishiwa maji yaleyale unayotaka kuyasafisha.

Nikawaambia wasubiri. Wiki ya tatu, manganisi ikitoka ni 0.55. Wiki ya tano, 0.4. Kila nilipokuja nilikuwa napenyeza kijibomba cha plastiki kando ya ukuta wa pipa na kuchomoa nguzo nyembamba ya mchanga ili nione kinachoendelea ndani. Juu, sentimita 25 za kwanza zilikuwa za rangi ya kutu, zimeshikana kidogo kama udongo wa mfinyanzi. Chini yake mchanga ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Wiki ya saba ulikuwa wa kahawia iliyokolea. Wiki ya tisa nilichomoa nguzo ambayo kuanzia sentimita 30 kwenda chini ilikuwa nyeusi tii, punje kwa punje, zinang'aa zikiwa na maji, na ukizisugua kwa kidole zinaacha doa kama la mkaa. Manganisi ilikuwa 0.05.

Mpangilio ule wa rangi, kutu juu na weusi chini, si bahati. Manganisi haianzi kuondoka mpaka chuma kimekwisha. Nililijua hilo kwa kulisoma. Kulielewa kulinichukua makosa mawili.

La kwanza lilikuwa la maneno yangu. Niliondoka nikiwa nimewaachia wasaidizi agizo la kuosha chujio maji yakianza kusimama juu ya mchanga, na nikasema, "Lioshwe vizuri, liwe safi." Kijana aliyekabidhiwa alikuwa na bidii. Aliuchota mchanga wote, akautia kwenye karai kidogo kidogo, akaukanyaga kwa miguu na kuubadilishia maji mpaka maji yakatoka meupe na mchanga ukawa na rangi yake ya mtoni. Ilimchukua siku tatu. Mzee aliniambia kwamba yeye aliukataa uoshaji ule: "Nilimwambia, mwanangu, huo weusi si uchafu, mbona maji yamekuwa mazuri tangu uingie? Akasema fundi ameagiza safi." Nilipopima, manganisi ilikuwa 0.6 ikiingia, 0.6 ikitoka. Oksidi ile bado ilikuwa changa, haijaganda sawasawa, ikatoka yote pamoja na bakteria wake. Tukaanza upya.

Safari hii nililipa uoshaji uangalifu unaostahili. Mchanga hautolewi. Unaoshwa palepale kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu kwa nguvu ya kutosha kuunyanyua ucheze, karibu mita 40 kwa saa, ambayo kwa pipa letu ni lita 500 kwa dakika. Pampu ya kisima haifiki hata karibu, kwa hiyo nilinyanyua tangi la maji yaliyochujwa, la lita 3,000, na bomba pana lenye koki ya kufungua taratibu. Maji hayo hayana klorini, maana klorini ingewaua bakteria ninaowategemea. Klorini yetu inatiwa mwisho kabisa, baada ya chujio. Uoshaji ni dakika nne au tano. Mwanzoni maji yanayofurika ni mazito, mekundu. Kisha yanapungua mpaka ukitia mkono ndani ya ndoo unaona vidole. Hapo unafunga, hata kama bado yana rangi kidogo. Ukikinga kikombe kwenye maji yanayofurika ukakuta punje za mchanga, umefungua koki mno. Na huoshi kwa kalenda: tulichora mstari ndani ya pipa sentimita 60 juu ya mchanga, maji yakisimama mpaka hapo ndiyo siku yake. Kwa kawaida ni kila siku ya nne.

Mchanga ukarudi kuwa mweusi, kwa muda uleule wa miezi miwili na kidogo. Miezi kadhaa ikapita. Kisha nikapigiwa simu kwamba kuna masizi kwenye ndoo.

Nilipima nikidhani nimekosea, nikapima tena. Manganisi ikiingia 0.6. Ikitoka 0.9. Chuma kikitoka 0.1, kizuri kuliko siku zote. Chujio lilikuwa linatoa manganisi zaidi ya lililopokea.

Kwa anayekiona kipimo kama hicho, namsihi asiende kununua mchanga mpya. Arudi juu, kwenye hewa. Nilipanda kwenye mnara nikakuta kokoto za trei mbili za juu zimefunikwa na kutu mpaka zimeungana kuwa bamba moja, matundu mengi yamezibwa, na maji yote yanashuka kwa mkondo mmoja upande wa kona. Chini ya trei ya nne pH ilikuwa 6.7. Nikachukua maji yanayoingia kwenye mchanga nikayapitisha kwenye karatasi laini ya kuchujia, ile ya matundu ya mikromita 0.45, na kupima kilichopita: miligramu 1.8 za chuma kilichoyeyuka. Siku za kawaida ni sifuri au karibu yake.

Chuma kilichoyeyuka kikikutana na ile oksidi nyeusi hakihitaji oksijeni. Kinaichukua kutoka kwenye oksidi yenyewe:

```
2Fe²⁺ + MnO₂ + 2H₂O → 2FeOOH + Mn²⁺ + 2H⁺
```

Chuma kinageuka kutu na kubaki kwenye mchanga. Manganisi iliyokuwa imeganda kwa miezi inayeyuka na kuondoka na maji. Kila miligramu moja ya chuma inayofanya hivyo inaachia karibu nusu miligramu ya manganisi. Ile 0.3 ya ziada tuliyoiona ilihitaji miligramu 0.6 tu za chuma kwa lita. Kilichobaki katika ile 1.8 kiligeuzwa na oksijeni ndani ya mchanga. Ndiyo maana kipimo cha chuma kilikuwa kizuri sana. Kilikuwa kinaondolewa kwa kuula mchanga mweusi, na mwenye kupima chuma peke yake angeona mtambo unafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote.

Tulizishusha kokoto, tukazisugua, na za trei ya juu nikazibadilisha kwa kubwa zaidi ili zisiungane upesi. pH ikarudi 7.2 siku ileile. Safari hii hatukuhitaji miezi, kwa sababu weusi wa chini kabisa ulikuwa bado haujaliwa: siku ya kumi na mbili manganisi ilikuwa 0.07. Baadaye niliongeza pipa la pili, maji yakitoka la kwanza yanaingia la pili. La kwanza sasa ni la chuma, linaoshwa bila woga. La pili halipokei kutu, ni jeusi lote kutoka juu mpaka chini, na linaoshwa mara moja kwa wiki tatu. Kama ningeanza upya kwa maji yenye madini yote mawili kiasi hicho, ningejenga mapipa mawili tangu siku ya kwanza.

Mzee ana daftari. Kila asubuhi anaandika pH chini ya trei kabla ya kitu kingine, na ikishuka chini ya 7.0 anapanda mnara na brashi. Manganisi anaipima mara moja kwa wiki, ikiingia na ikitoka, kwenye mistari miwili iliyo jirani ili jicho lizilinganishe.

Si kila maji yatakubali njia hii. Kama maji yana rangi ya kahawia tayari yanapotoka bombani, kabla ya kukutana na hewa, huenda chuma kimefungwa na mabaki ya mimea iliyooza, na chuma kilichofungwa hivyo hupita kwenye trei na mchanga kama vile havipo. Hapo unahitaji dawa za kugandisha, na hiyo ni kazi nyingine. Na kuna maji ambayo tindikali yake haiondoki hata ukitikisa chupa mpaka mkono uchoke, kwa sababu hayana kitu cha kuzuia asidi. Yakipoteza hewa ya ukaa yanapanda kidogo, kisha kutu inapojiunda inatoa asidi yake mwenyewe na kuyarudisha chini: kila miligramu ya chuma hula karibu miligramu 1.8 za ule uwezo wa kuhimili asidi, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti.

Kisima ninachokishughulikia sasa ni cha aina hiyo. Chuma ni 4, manganisi 0.3, na chupa niliyoitikisa mara kumi ilitoka 5.6 ikaishia 6.1. Trei zipo, lakini trei ya chini nimeijaza vipande vya mawe ya chokaa badala ya kokoto, na kati ya tangi na chujio nimeweka pipa jingine la mawe hayohayo, maji yakipanda kutoka chini ili kutu isiyazibe upesi. Jana pH baada ya pipa hilo ilikuwa 7.1. Mchanga wa chujio ni mpya, wa rangi ya mtoni. Nimempa mwangalizi kijibomba cha plastiki na kumwonyesha jinsi ya kuchomoa nguzo, na nimemwomba asiuguse mchanga wa chini mpaka nitakaporudi wiki ya tano.